Sumaku Isibandikwe, Izikwe

Nitaanza na msimamo wangu halafu tubishane baadaye: kitu chochote kilichochapwa na printa ya 3D, chenye sumaku iliyobandikwa nje kwa supagluu, hakijaisha kutengenezwa. Mtu amekuuzia kazi nusu. Sumaku inafaa kuzikwa ndani ya plastiki, na nati vilevile, na njia ya kuzizika haihitaji mashini ya bei. Inahitaji hesabu ya darasa la nne na uwe umekaa karibu na printa wakati inasimama.

Wengi wenu mnanijua kwa video, si kwa printa. Lakini vishikio vya simu natumia kila siku, na siku hizi nawachapia wasee wengine wa kontenti. Kilichonifanya niwe mkali hivi kuhusu sumaku ni dada mmoja anayepika mtandaoni. Yeye hupiga shoti ya kutoka juu, simu inaangalia sufuria. Alikuwa na kishikio cha sehemu mbili: kitako kinachofungwa kwenye tripodi, na mkono wa juu unaoshika simu, vikikutanishwa na sumaku. Alikuwa amekinunua mahali mtandaoni. Siku moja akiwa katikati ya kurekodi, mkono ulitoka, simu ikaingia kwenye mchuzi. Aliponiletea kile kishikio niligundua sumaku zote nne bado zilikuwa zimeshikana na wenzao. Hazikuachana hata kidogo. Kilichoachia ni gundi. Upande mmoja, sumaku ziling'oka kwenye mashimo yake na kubaki zimeng'ang'ania sumaku za upande wa pili.

Ukifikiria, hiyo ndiyo kazi ambayo gundi iko vibaya nayo kabisa. Sumaku za neodimiamu zimepakwa nikeli, laini kama kioo, na supagluu haipati pa kushikilia. Ikishakauka inakuwa ngumu na haipendi kugongwa. Na kila ukikutanisha zile sehemu mbili, sumaku zinagongana "ta!", na kila ukizitenganisha, nguvu yote inapita kwa ule utando wa gundi. Ongeza mvuke wa sufuria hapo. Ilikuwa tu suala la lini.

Na kuna jambo zito kuliko simu. Sumaku ikitoka ikaanguka chini, nyumba ikiwa na mtoto mdogo, hiyo ni hatari ya kweli. Mtoto akimeza moja inaweza kupita. Akimeza mbili, zinaweza kutafutana zikiwa sehemu tofauti za utumbo, zikabana kuta za utumbo katikati na kuzitoboa. Huyo ni wa kukimbizwa hospitali saa hiyo hiyo, usingoje aanze kulia. Kwa hivyo mimi sitampa mtu kitu chenye sumaku ambayo kucha inaweza kung'oa.

Sasa, kuzika. Wazo ni rahisi. Printa hujenga kitu leya kwa leya, kutoka chini kwenda juu. Ukiacha shimo ndani ya kitu, kuna wakati fulani ambapo kuta za shimo zimeisha lakini paa bado halijaanza. Hapo unaiambia printa isimame. Unaweka sumaku au nati, unabonyeza kuendelea, na printa inafunika. Ukimaliza, hakuna mtu anaona kitu. Ugumu wote uko kwa maswali mawili: shimo liwe na kina gani, na printa isimame kabla ya leya gani hasa.

Wacha nitumie kishikio cha huyo dada, kile nilichomchapia upya, kwa sababu kina vyote viwili. Kitako chake ni kama kisahani kinene. Katikati kuna nati ya kuingiza skrubu ya tripodi, na kuizunguka kuna sumaku nne, kila moja upana milimita 10 na unene milimita 3.

Nati kwanza, na hapa kuna mtego ambao watu hawaujui. Skrubu ya tripodi na kamera si ya milimita. Ni ya inchi: robo inchi, nyuzi 20 kwa kila inchi. Ukienda dukani Kirinyaga Road ukaomba "nati ya sita," utapewa M6, na kwa macho zinafanana kabisa. M6 ni milimita 6, hii ni 6.35, na hatua ya nyuzi ni 1 kwa ile na 1.27 kwa hii. Haitaingia, na ukilazimisha utaharibu skrubu ya tripodi ya mtu. Omba nati ya robo inchi ya nyuzi kubwa na uende na tripodi yako mkononi. Ijaribu pale pale kwenye kaunta. Baada ya kuizika hakuna kurudisha.

Nati hiyo, kutoka ubapa mmoja hadi ubapa wa pili, ni milimita 11.1, na unene wake ni 5.56. Hizo ni namba za kwenye jedwali. Ya kwako ipime na verinia, kwa sababu nati za bei rahisi hupungua kidogo. Shimo la pembe sita nalichora milimita 11.3, ili iingie kwa kusukumwa na kidole gumba bila kucheza sana. Likiwa kubwa zaidi, pembe za nati zitazunguka ndani siku mtu atakaza skrubu kwa hasira, na hapo umemaliza: nati inazunguka, skrubu haitoki, na huwezi kuifikia.

Kwa kina, usichukue ile 5.56 moja kwa moja. Printa haiwezi kukata leya nusu. Mimi nachapa leya za milimita 0.2, leya ya kwanza ikiwemo, kwa hivyo kila urefu ndani ya kitu lazima ugawanyike kwa 0.2. Karibu na 5.56 kuna 5.6, lakini hiyo inakuachia nafasi ya unywele tu. Nati ikikaa upande kidogo, au kuwe na uchafu wa plastiki chini yake, inachomoza juu ya ukuta. Nachukua 5.8. Ni leya 29.

Kuchomoza ndiyo dhambi kubwa kwenye hii kazi. Nozo inapita juu ya leya iliyotangulia kwa nafasi ya 0.2 tu. Nati ikichomoza hata nusu milimita, nozo inaigonga, na moja kati ya vitu viwili hutokea: kitu kizima kinang'oka kwa bedi, au mota inaruka hatua na kuanzia hapo kila leya inakaa kando ya mwenzake, kama ngazi. Njia ya kujua mapema ni kupitisha kadi ya ATM juu ya shimo baada ya kuweka nati. Kadi ikikwama popote, toa, safisha, rudisha.

Sumaku ni hesabu ileile. Unene 3, shimo kina 3.2. Upana 10, shimo 10.2. Lakini mashimo madogo ya duara huwa yanatoka yakiwa yamebana kuliko yalivyochorwa, na kila printa inabana kwa kiasi chake. Kwa hivyo kabla ya kazi ya kastama chapa kigae kidogo chenye duara tatu, 10.1 na 10.2 na 10.3, na pembe sita moja. Hakichukui muda. Lile shimo ambalo sumaku inaingia kwa kusukuma na kubaki hata ukigeuza kigae chini-juu, hilo ndilo lako. Usigonge sumaku kwa nyundo. Neodimiamu inavunjika kama kikombe cha udongo.

Hapa sasa kuna ujanja mmoja ambao unafanya maisha yawe rahisi. Nati ina kina kimoja na sumaku zina kingine, na ukizichora zote zikianzia chini pamoja, paa zake zitakuja kwa urefu tofauti na utalazimika kusimamisha printa mara mbili. Badala yake, zilinganishe kwa juu. Acha paa zote zianze leya moja, na sakafu ndizo zitofautiane.

Kwenye kitako changu, chini ya nati kuna sakafu ya milimita 1.6, yenye tundu la skrubu katikati. Nimeifanya nyembamba kwa sababu skrubu nyingi za tripodi huchomoza milimita 5 hivi tu. Sakafu ikinywa 1.6, zinabaki kama 3.4 za kushika nyuzi za nati, na hiyo ni kama mizunguko miwili na nusu. Ukiweka sakafu ya milimita 4 ili "iwe na nguvu," skrubu haitafika nati. Kwa hivyo 1.6 ya sakafu na 5.8 ya shimo, jumla 7.4. Shimo la sumaku la 3.2 nalo linaanza 4.2 na kuishia palepale 7.4. Gawanya 7.4 kwa 0.2 upate 37. Leya 37 za kwanza ni sakafu na kuta. Leya ya 38 ndiyo paa. Printa isimame katikati ya hizo mbili.

Na hapo "katikati" ndipo watu wanapotea, kwa sababu slaisa, ile programu inayokata mchoro kuwa leya, hazihesabu kwa lugha moja. Kwenye PrusaSlicer, unavuta kile kipimo cha kulia hadi leya ambayo hutaki ianze kabla hujaweka vitu vyako, yaani ya 38, urefu 7.60, unachagua `Add pause print`. Kwenye Cura, ile skripti ya `Pause at Height` inataka leya ya mwisho ambayo imalizike kabla ya kusimama, yaani 37. Ukikosea kwa leya moja juu, printa inasimama paa likiwa limeshafunika, na unabaki umeshika nati mkononi ukiangalia kaburi lililofungwa. Ukikosea chini, kuta zinakuwa fupi kwa 0.2, ile nafasi yako ya usalama inaisha, nozo inakuja kuparuza chuma.

Usiamini namba, amini macho. Kwenye ukurasa wa kuona leya, shuka hadi pale ulipoweka alama. Leya iliyo chini yake inafaa kuonyesha mashimo wazi yote matano. Leya inayofuata inafaa kuonyesha mistari inayokatiza juu ya mashimo. Halafu kama bado una wasiwasi, fungua faili lenyewe kwa programu yoyote ya maandishi utafute mahali pa kusimama. La kwangu husoma hivi:

```
;LAYER_CHANGE
;Z:7.6
;HEIGHT:0.2
;PAUSE_PRINT
M601
```

Z ni 7.6, leya ya paa, na amri ya kusimama iko kabla ya paa kuchorwa. Sawa. Lakini angalia pia kama printa yako inaijua hiyo amri. `M601` ni ya Prusa. Printa nyingine ikiisoma inasema haiijui, inaipuuza na kuendelea kama hakuna kilichotokea. Zingine zinataka `M0` au `M600`, na zile za Klipper zinataka `PAUSE`. Jaribu na kigae chako, si na kazi ya saa tatu.

Wenye Klipper kuna jambo lingine. Ikikaa bila kazi dakika 10, kwa mpangilio wake wa kawaida inazima joto na kuachilia mota. Ulienda kununua chapati, ukirudi bedi imepoa, kitu kimebanduka, na printa haijui tena iko wapi. Ongeza hii kwenye faili la mpangilio:

```
[idle_timeout]
timeout: 3600
```

Hiyo ni saa nzima. Lakini hata ukiwa na saa nzima usiitumie. Nitaeleza kwa nini.

Printa ikisimama, nozo inafaa ijipaki kando, isibaki juu ya kazi, kwa sababu itadondoza plastiki ndani ya mashimo. Bedi ibaki moto. Usitoe lile bati la bedi ati ndio uone vizuri. Ukilirudisha halitakaa mahali palepale. Inama hapo hapo.

Nati inaingia kwanza. Huu mpangilio una sababu: nati ni ya chuma, na sumaku zikishakuwa ndani, nati itavutwa na kukwepa mkono wako. Baada ya nati ndio sumaku, moja moja, na uzisukume kwa kijiti cha aiskrimu, si kwa koleo ya chuma, la sivyo utaitoa ile uliyoweka ukijaribu kuweka nyingine. Kila sumaku tone dogo la gundi chini yake. Ndiyo, gundi, ile ile nimeitukana juu huko. Hapa kazi yake si kushika simu ya mtu. Kazi yake ni kuzuia sumaku isiruke kwa dakika mbili zijazo. Nozo ya kawaida ni ya shaba ya njano na haivutwi na sumaku, lakini nozo ngumu za chuma zinavutwa, na hata kwenye printa ya nozo ya shaba kuna skrubu na vipande vya chuma kuizunguka. Sumaku isiyoshikwa inaweza kuruka juu na kung'ang'ania kichwa cha printa wakati kinapita. Ikifanya hivyo, hiyo kazi imeharibika.

Kisha kadi ya ATM, futa nozo, endelea.

Sasa upande upi uangalie juu? Kwenye kitako nazibadilisha: moja kaskazini juu, inayofuata kusini juu, hivyo hivyo kuzunguka. Ukiweka zote upande mmoja, mkono wa juu unaweza kukaa umepinda popote. Zikibadilishana, mkono ukiwa umepinda robo mzunguko zinasukumana, na ukiukaribisha mahali pake unajivuta wenyewe.

Kwa mkono wa juu, usijaribu kukumbuka kaskazini ni wapi. Chukua kitako kilichoisha, kiweke mezani uso juu, dondosha sumaku nne za mkono juu yake. Kila moja itajigeuza na kukaa sawa. Paka nukta ya kyuteksi kwenye uso unaokuangalia. Mimi mkono nauchapa uso wake ukiwa chini kwenye bedi, kwa hivyo unavyokaa kwenye printa ndivyo utakavyokaa juu ya kitako. Hamisha kila sumaku kutoka juu ya kitako hadi shimo lake, mahali palepale, nukta ikikuangalia vilevile. Hakuna kugeuza kichwani, hakuna kioo. Nimeona watu wakichora mishale karatasini na bado wanapata sumaku moja inayosukuma.

Hapa pia kuna jambo la joto. Huyo dada anapika, kwa hivyo PLA haifai; inaanza kulegea karibu na nyuzi 60, na juu ya jiko au ndani ya gari lililoegeshwa juani hizo ni nyuzi zinazofikika. Nilitumia PETG, inayovumilia hadi karibu 80. Lakini PETG inataka bedi moto, na wengi huiweka 80. Sumaku za kawaida, zile za daraja N, kikomo chao ni nyuzi 80 hizo hizo, ukizidisha zinaanza kupoteza nguvu na hazirudishi. Kwenye kitako si shida, sumaku ziko milimita 4.2 juu ya bedi. Kwenye mkono, ambao uso uko chini, ziko milimita 0.6 tu kutoka kwa bedi, na zitakaa hapo hadi kazi iishe. Kwa hivyo leya za kwanza zikishashika, nashusha bedi hadi 70 kabla ya kuziweka. Nozo yenyewe ni nyuzi 240 lakini usiiogope, inagusa kwa sekunde chache na plastiki inapoa haraka. Anayechapa ABS, na bedi ya 100, atafute sumaku za daraja la joto kubwa.

(Na ukimaliza mkono, usikunje lile bati la chuma ili kuutoa. Sumaku zimelikumbatia kupitia plastiki ya 0.6. Ngoja ipoe kabisa, halafu utelezeshe kando hadi ukingoni.)

Nirudi kwa lile la kutokaa saa nzima. Leya inayochapwa baada ya kusimama inakutana na plastiki iliyopoa, na haishikani nayo kama leya zingine zinavyoshikana. Ukiangalia kwa pembeni utaona mstari pale printa iliposimama. Huo mstari ndio udhaifu wa kitu chote, na kadiri unavyochelewa ndivyo unavyozidi kuwa dhaifu. Kwa hivyo sumaku zangu ziko tayari, zimetiwa alama na kupangwa kwa mstari, nati imesafishwa, kabla printa haijasimama. Mkono hauchukui zaidi ya dakika mbili.

Na huo mstari ndio unaamua kitu chote kigeuzwe vipi. Fikiria nati inavutwa wapi: mtu akikaza skrubu ya tripodi, nati inavutwa chini, kwenye ile sakafu ya 1.6. Sakafu ilichapwa pamoja na kuta bila kusimama. Haina mstari. Lakini sumaku za kitako zinavutwa juu, kwenye paa, na paa ndilo lililokuja baada ya kusimama. Yaani kwenye kitako nati imepata sakafu nzuri na sumaku zimepata paa dhaifu. Ningegeuza kitako kichwa chini, ingekuwa kinyume.

Kuna watu wamenibishia hapa, kwamba sumaku ndizo zinazoshika simu, zingepewa sakafu. Nimefikiria na bado nakataa. Mtu akikaza skrubu ya tripodi anatumia mkono mzima, na hana kipimo. Sumaku haiwezi kuvuta zaidi ya uwezo wake. Ikizidiwa inaachilia tu. Na ukigeuza, paa la nati litakuwa na tundu la skrubu katikati, kwa hivyo printa italazimika kuchora duara hewani, na duara hewani haliwezi kusimama. Litaning'inia kama tambi. Kuna njia ya kufunga tundu hilo kwa leya moja na kulitoboa baadaye kwa drili, lakini bado ungekuwa umemwekea anayevuta kwa nguvu zaidi upande ulio dhaifu.

Kwa hivyo sumaku za kitako zinapata paa, na paa lina leya tatu, 0.6. Nguvu ya sumaku inashuka haraka sana ukiziweka mbali. Kati ya sumaku ya kitako na ya mkono kuna 0.6 ya paa, ile 0.2 ya nafasi wazi, na 0.6 ya sakafu ya mkono: jumla 1.4. Ukiongeza paa hadi milimita 2 ili ulale usingizi, zitavutana kwa aibu. Leya tatu ndio mahali nimetulia. Mbili zinatoboka, na ile ya kwanza huwa haiko sawa kwa sababu imechorwa hewani juu ya shimo. Weka feni hadi mwisho kwa leya hiyo na upunguze mwendo.

Jambo la mwisho la mchoro: sumaku zinashika vizuri zikivutwa moja kwa moja, lakini zikisukumwa kwa kando zinateleza kirahisi. Kwenye shoti ya kutoka juu simu inavuta wima, fiti. Ila tripodi ikiegemea, mkono unaanza kuteleza. Ndiyo maana kitako changu kina ukingo wa milimita 2 kuzunguka, na mkono unakaa ndani yake kama kifuniko cha kopo. Ukingo hauna gharama, ni leya kumi za ziada, na unabeba ule mzigo wa kando wote.

Kabla sijampa, nilifanya vile hufanya kwa kila moja. Kwanza natikisa karibu na sikio. Nati ikigonga kidogo ni sawa, ina nafasi ya robo milimita. Sumaku ikigonga, gundi haikushika na inaweza kujigeuza ndani, hiyo siuzi. Pili nafunga skrubu ya tripodi kwa nguvu zote na kuangalia kama nati inazunguka. Tatu nakutanisha na kutenganisha mara hamsini, nikiangalia paa kwa mwanga wa pembeni. Plastiki inayokaribia kupasuka hubadilika rangi kwanza, inakuwa nyeupe kama kucha iliyobanwa. Nikiona weupe kuzunguka duara lolote, naongeza nyuzi tano za nozo na kuchapa upya. Halafu naning'iniza chupa ya maji ya nusu lita, ambayo ni zaidi ya uzito wa simu mbili za kawaida, na kuiacha usiku mzima juu ya godoro.

Ya huyo dada ilikaa hadi asubuhi. Bado nilimwambia afunge uzi kati ya simu na tripodi akiwa juu ya sufuria, na asishushe simu chini ya nusu mita kutoka kwa mvuke. Alicheka, akasema uzi utaonekana kwa video. Nikamwambia auweke nyuma ya lenzi.